Tangazo Lisilosomwa Halijatangazwa

Imekaa katika fikra za watu wengi wa mpakani, toka Busia hadi Malaba na Tororo, dhana ya kwamba tangazo la kukatwa kwa umeme au maji ni amana isiyopasa kuguswa: kwamba anayelipokea kutoka kwa shirika, awe mzee wa mtaa upande wa Kenya, au mwenyekiti wa LC1 upande wa Uganda, au msimamizi wa kundi la WhatsApp la wakazi, wajibu wake umetimia akilipiga picha na kulipeleka kama lilivyo, na ambaye hakulisoma hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Wenye dhana hii si watu wazembe. Aghalabu ni waangalifu, na uangalifu wao ndio unaoipa hoja yao nguvu. Husema kwamba maneno ya shirika ni maneno rasmi, kwamba mwenye kuyafupisha huenda akayapotoa, na kwamba heri tangazo refu lisilo na kosa kuliko fupi lenye kosa. Nakusudia kuipinga hoja hii tangu mzizi hadi tawi, kwa kuwa madhara yake huyapata watu wasio na hatia, nao ni wengi.

Tazama kwanza tangazo lenyewe lilivyo. Upande wa Kenya, matangazo ya Kenya Power ya kukatwa umeme huanza kwa kutaja kwamba yanatolewa kwa mujibu wa kanuni ya 27 ya Kanuni za Nguvu za Umeme. Hufuata maelezo ya kwa nini ni lazima umeme ukatwe mara kwa mara, yaani kutunza na kuimarisha njia zake, kuunganisha wateja wapya, na kuhamisha nyaya panapojengwa barabara. Kisha huja jina la kanda, kisha la kaunti, kisha la eneo, kisha tarehe, kisha saa, na mwisho kabisa msururu wa majina ya vijiji, masoko, shule na hospitali, unaofungwa kwa maneno yanayowajumuisha wateja walio jirani. Kwa kazi liliyokusudiwa, tangazo hilo halina kasoro. Sheria yataka ithibati kwamba mteja ameonywa, na ithibati ipo. Mhandisi huigawa nchi kwa njia za umeme wala si kwa mitaa, na mgawanyo wake umefuatwa. Lakini mkazi wa mtaa wa Burumba mjini Busia hajitambui kwa kanda wala kwa njia ya umeme. Yeye hujitambua kwa Burumba, na jina hilo amewekewa mahali pa mwisho, nyuma ya kila kitu kisichomhusu.

Hapo ndipo dhana ninayoipinga inapoanza kuyumba. Wanaosema tangazo lisiguswe hudhani kwamba liliandikwa kwa ajili ya mkazi, ilhali liliandikwa ili lijibu swali la ofisi, nalo ni hili: je, tumetoa ilani? Swali la mkazi ni jingine kabisa: je, nyumba yangu imo, lini, tangu saa ngapi hadi saa ngapi, na nifanye nini kabla ya hapo? Karatasi moja yaweza kuwa jibu timilifu la swali la kwanza na isiwe jibu la pili, hata kama kila neno lililomo ni la kweli.

Mwangalie mwanamke auzaye samaki, aliyenunua mzigo wake Sio Port na kuutia katika friza alfajiri. Picha ya ukurasa wa gazeti inamfikia katika simu yenye kioo kisichozidi upana wa kiganja. Aikuza kwa vidole viwili, na kadiri anavyoikuza herufi zinavurugika, kwa kuwa picha imekwisha kupitishwa kutoka kundi hadi kundi na kila mara imepoteza kitu katika wangavu wake. Aisogeza kushoto, akutana na majina ya kaunti nyingine. Aisogeza chini, akuta orodha isiyo na kichwa, maana kichwa kimebaki juu ya kioo. Na kabla hajapata mtaa wake mteja amefika, naye aiweka simu kando. Mwanamke huyu hawezi kuitwa mvivu. Amejitahidi kulisoma tangazo kuliko yule aliyelituma, ambaye pengine hakulisoma hata kidogo.

Wapinzani wangu hupenda kusema kwamba watu wa siku hizi hawasomi. Kauli hii yapingwa na mambo yaonekanayo kila siku. Watu hao hao wasiosoma tangazo la umeme husoma bei ya dagaa, husoma tanzia hadi jina la mwisho la wafiwa, husoma orodha ya waliotoa mchango wa harusi na kuhesabu nani ametoa nini. Wanasoma, tena kwa makini, kila palipo na alama mapema kwamba neno linawahusu. Mwandishi asiyetoa alama hiyo kisha akamlaumu msomaji, amemtwika mwenziwe mzigo uliokuwa wake yeye.

Tufanye kazi yenyewe sasa, tuone kama ni upotoshaji. Tuchukue tangazo la mfano, lenye umbo la yale yatolewayo: kanuni, sababu, kanda ya magharibi, kaunti ya Busia, siku ya Alhamisi tarehe 12 Machi, 9.00 A.M. hadi 5.00 P.M., kisha Mundika, Burumba, Korinda, Alupe na wateja walio jirani. Mwenye kuliandika upya aanze kwa lile linalomwezesha msomaji kujua kama asome au aache, yaani mahali na siku, afuatishe saa mbili, ya kukatwa na ya kurudi, kisha mitaa, kisha jambo moja la kutenda, kisha chanzo cha habari na namba ya kuulizia. Matokeo yatakuwa kama haya:

```
BUSIA KENYA, ALHAMISI 12 MACHI: Stima itakatwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Mundika, Burumba, Korinda, Alupe na jirani. Jaza maji mapema. Kenya Power 97771.
```

Ukihesabu herufi, nafasi na vituo vyake, jumla ni 160, na hicho ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa SMS, hivyo maneno haya yaingia hata katika simu ndogo ya vitufe isiyojua WhatsApp ni nini. Ajihadhari mwandishi asitie ndani yake emoji ya balbu au ya uso wenye huzuni, kwa kuwa alama moja ya namna hiyo huigeuza hesabu ya ujumbe mzima, nao ukawa wabeba herufi 70 tu badala ya 160. Ujumbe uliokuwa wa kulipiwa mara moja hukatwa vipande vitatu na kulipiwa mara tatu. Sasa niulize kwa insafu: ni lipi katika mambo aliyoyahitaji mkazi ambalo limepotea? Imepotea namba ya kanuni, ambayo hataitumia. Limepotea jina la kanda, ambalo halimwambii kitu. Imepotea sababu ya jumla, ambayo ni ile ile kila juma. Yaliyobaki ni yote aliyoyataka, na limeongezeka moja ambalo tangazo la asili halikuwa nalo, yaani habari ya maji, nami nitairejea.

Wako wengine wanaokosea kwa upande wa pili, nao wasidhani kwamba nawatetea. Hawa husikia neno kufupisha wakaandika, «Kesho stima hakuna,» wakaona wamemaliza kazi. Kufupisha kwa namna hiyo ni kuharibu. Neno kesho halina tarehe, na ujumbe wa simu hautupwi ukishapitwa na wakati. Hupitishwa Jumatano, ukapitishwa tena Ijumaa na mtu aliyeuona kwa kuchelewa, na kila anayeupokea huhesabu kesho yake mwenyewe. Kadhalika kuacha saa ya kurudi ni kumnyima mtu kile anachopimia hasara yake. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, huweza kuhifadhi baridi yake kwa muda wa siku mbili hivi, na iliyo nusu kwa siku moja. Friji ya kawaida haivuki saa nne. Muuza samaki akijua kwamba umeme utapotea kwa saa nane, atafunga friza yake na kutulia. Muuza maziwa mwenye friji atatafuta barafu au atauza mapema. Wote wawili wakiambiwa tu kwamba stima itapotea, mmoja atauza mali yake kwa bei ya kutupa bila sababu, na mwingine atakaa akingoja hadi maziwa yagande. Basi ufupi si sifa kwa dhati yake. Sifa ni kubakiza kile ambacho juu yake mtu hufanya uamuzi.

Jambo la saa lataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapa ndipo waandishi wengi wa haraka hujikwaa. Tangazo limesema 9.00 A.M.; mwandishi aliyezoea kusoma saa kwa hesabu ya kigeni huandika «saa 9», na msomaji wa Kiswahili, ambaye siku yake huanza jua lichomozapo, hulisoma saa tisa, akangoja hadi alasiri kuanza kusaga mahindi yake ya mwisho, kumbe kinu kimekwisha kunyamaza tangu asubuhi. Dawa yake ni nyepesi: toa sita katika saa ya tangazo ikiwa imezidi sita, au ongeza sita ikiwa haikuzidi, kisha usiache kamwe kuandika sehemu ya siku mbele ya saa hiyo. Sehemu ya siku ndiyo shahidi. Ukiona imeandikwa «saa 9 asubuhi», hapo hapo wajua kwamba mwandishi ameinakili namba bila kuigeuza, maana saa tisa ni ya alasiri au ya usiku. Na ukiona «saa 5 jioni», wajua vivyo hivyo, maana saa tano jua limepanda na jioni haijafikiriwa. Kosa la namna hii hujifichua lenyewe kwa yeyote aliye makini, mradi tu mwandishi hakuacha neno lile la pili.

Kwetu mpakani ipo hatari nyingine isiyowasumbua watu wa Nakuru wala wa Mbale, nayo ni kwamba miji yenyewe ni miwili na jina ni moja. Busia ya Kenya na Busia ya Uganda zimetenganishwa kwa lango la forodha tu. Ndugu wanaishi huku na huku, wafanyabiashara wana mabanda pande zote mbili, na makundi ya simu hayaulizi pasi. Jina la Marachi nalo lasikika pande zote mbili. Ujumbe usemao «Busia Alhamisi hakuna umeme» huvuka mpaka kabla ya jogoo kuwika, na fundi wa kuchomelea aliye upande wa Uganda huahirisha kazi ya wateja wake kwa ajili ya nyaya zisizomhusu hata kidogo. Kwa sababu hiyo neno Kenya au Uganda si pambo mbele ya jina Busia, wala haliachwi kwa kisingizio cha kubana nafasi. Lau ningelazimika kuacha neno moja katika ule ujumbe wa herufi 160, ningeacha jina la mtaa kabla ya kuacha jina la nchi, kwa kuwa mtaa waweza kuulizwa, ilhali mtu aliyepotoshwa kuhusu nchi hajui hata kwamba kuna la kuuliza.

Fauka ya hayo, jina la shirika nalo lina tarehe yake. Upande wa Uganda, kampuni ya Umeme ilisambaza umeme kwa miaka 20 tangu 2005, na mkataba wake ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, kazi hiyo ikachukuliwa na UEDCL, shirika la serikali. Hata hivyo wako watu wa Tororo na Busia ambao hadi leo huchukua ujumbe wa zamani, wakabadili tarehe na mitaa, wakauacha mkia wake useme kwamba maulizo yapelekwe Umeme. Mwenye kuandika upya aandike upya kweli, toka neno la kwanza, wala asirekebishe ujumbe wa mwaka juzi. Kinachobaki bila kuguswa ndicho kinachosahauliwa kuwa kimeshapitwa.

Nimefika sasa kwenye hoja ya wapinzani wangu iliyo na uzito kuliko zote, nayo sitaki kuipuuza. Wanasema: huyu mwandishi wa mtaani si mfanyakazi wa shirika, akikosea, nani atawajibika? Na je, si afadhali kila mtu asome asili kwa macho yake kuliko kutegemea mkono wa mtu asiyejulikana? Nakubali kwamba mkono wa mtu huweza kukosea, na nimekwisha kuonyesha makosa yenyewe yalivyo. Lakini hoja hii husahau kwamba asiyefupisha kwa maandishi atafupishiwa kwa mdomo. Tangazo refu likishapelekwa, pengine mtu mmoja kati ya kumi hulisoma, na wale tisa humwuliza huyo mmoja dukani au kisimani. Naye hujibu kwa kumbukumbu, bila tarehe, bila saa ya kurudi, bila kutaja mpaka. Kwa hivyo hatuchagui kati ya asili na muhtasari, kwa kuwa muhtasari utakuwapo kwa vyovyote vile. Tunachagua kati ya muhtasari ulioandikwa na mtu aliyeishika karatasi mkononi na muhtasari ulioundwa njiani na watu ambao hawakuiona.

Na hatari ya kukosea ina kinga yake. Ujumbe mfupi utangulie, na asili ifuate chini yake mara moja, ili mwenye shaka alinganishe. Hapa maslahi ya wapinzani wangu yamehifadhiwa yote, kwa kuwa tangazo rasmi halikufichwa, limepewa mlango tu. Kabla ya kutumwa, mtu wa pili asiyeisoma asili apewe ujumbe mfupi peke yake na aulizwe: umeme unakatwa wapi, lini, unarudi saa ngapi? Majibu yake yakilingana na asili, utumwe. Yasipolingana, kosa limepatikana kwa gharama ya dakika moja. Maneno «na jirani» yasiondolewe kwa kuonekana hayana maana, kwa kuwa ndiyo yanayomwonya mtu ambaye mtaa wake haukutajwa ila nguzo yake yalishwa na njia hiyo hiyo. Na shirika likiahirisha kazi, isitumwe habari mpya ya namna nyingine, bali ujumbe ule ule wenye mahali pale pale na tarehe ile ile, ukitanguliwa na neno IMEAHIRISHWA, ili aliyeupokea wa kwanza autambue mara moja kuwa ndio huo uliobatilishwa.

Mafundi waongezewe neno moja katika ujumbe wao wa pembeni: saa 11 jioni ni saa ya kutazamiwa, na umeme waweza kurudi kabla yake bila kubisha hodi. Mtu asipande dari kushika nyaya kwa kutegemea kwamba tangazo limempa hadi jioni. Huu ni mpaka wa ujumbe wowote mfupi au mrefu: huonyesha kusudi la shirika, wala si hali ya waya.

Nilisema nitayarejea maji, na hapa ndipo nguvu ya kuandika upya inapoonekana zaidi, kwa sababu yapo mambo ambayo kunakili hakuwezi kuyafikisha. Maji ya bomba ya Busia ya Kenya hutekwa mto Sio na kupandishwa kwa pampu. Pampu zahitaji umeme. Na tangazo la umeme hutolewa na shirika moja ilhali maji yako chini ya kampuni nyingine, kwa hivyo hakuna karatasi hata moja inayoyasema mambo hayo mawili pamoja. Mhandisi wa umeme ameandika neno Mundika katika orodha kama jina la mahali tu. Mkazi anayejua kwamba huko ndiko kwenye kazi za maji husoma katika neno hilo hilo habari ya pili, kwamba matangi yatashuka bila kujazwa na mabomba ya walio mlimani yatakauka kwanza. Ndiyo maana nikatia katika ule ujumbe maneno «Jaza maji mapema», na si kwa kubuni, bali kwa kuunganisha mambo mawili ya kweli yaliyotengwa na mipaka ya ofisi. Nyumba ya watu watano, ikihesabiwa lita 20 kwa kila mtu kwa siku, yahitaji mitungi mitano ya lita 20, na mitungi mitano haijazwi kwa bomba linalodondoka tu adhuhuri ikishapita.

Kwa tangazo la maji lenyewe, liwe la kampuni ya kaunti au la Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, linalohudumia Tororo, muda uandikwe kwa namna tofauti na wa umeme. Umeme ukirudi, hurudi kote katika njia yake kwa wakati mmoja. Maji hurudi kwa kutambaa, yakijaza bomba kubwa kwanza, kisha matawi, kisha miinuko, hivyo «maji yatarudi saa 11» ni kweli kwenye kituo na si kweli kwenye nyumba iliyo kilimani, ambayo huenda ikangoja hadi usiku. Mwandishi aandike basi, «Kazi itakwisha saa 11 jioni, mitaa ya juu maji yatachelewa.» Na aongeze kwamba maji ya kwanza yatakuja na rangi ya udongo, kwa kuwa msukumo unaporudi ghafla huling'oa tope lililotulia ndani ya mabomba, yaachwe yatiririke katika ndoo ya kufulia hadi yawe safi, ndipo yakingwe ya kunywa. Bila neno hili, mkazi huyaona maji mekundu akadhani yametiwa sumu, na uvumi wa sumu hukimbia mbio kuliko ujumbe wowote niliowahi kuuona.

Wajibu huu haupasi kubaki mabegani mwa msimamizi wa kundi peke yake. Mashirika yenyewe, ambayo yana orodha, saa na sababu mbele yao kabla ya mtu mwingine yeyote, yanaweza kuweka juu ya kila tangazo ujumbe wa herufi 160 kwa Kiswahili kwa kila kaunti na wilaya, kisha kuendelea chini yake na kanuni na kanda na yote yatakiwayo na sheria. Kutimiza kanuni hakumzuii mtu kueleweka. Hadi yatakapofanya hivyo, mzee wa mtaa na mwenyekiti wa LC1 wasijisifu kwamba wamepeleka picha. Wapime kazi yao kwa swali moja tu siku ya Jumatano jioni: wamsimamishe mtu yeyote wa Burumba au wa Tororo anayehusika, wamwulize kesho yake umeme wapotea saa ngapi na warudi saa ngapi. Asipojua, tangazo halijatoka ofisini.